Naomba ushauri: mapengo ya wasifu wangu na maswali ya usaili

Habari za jioni wakuu. Jumatano nina usaili wa nafasi ya mhasibu, kampuni ya usambazaji hapa Mwanza. Nimelichapa tangazo, nikaliweka kando ya wasifu wangu na kupiga mstari mwekundu kila wanachotaka ambacho mimi sijakiandika. Nadhani hapo ndipo watanibana.

Mstari mnene uko kwenye "kuandaa na kuwasilisha ritani za Kodi ya Ongezeko la Thamani". Kazini nilikuwa naandaa jedwali la mauzo na manunuzi, ila kuwasilisha TRA kabla ya tarehe 20 alikuwa anafanya bosi. Swali la kwanza nimelitabiri: "Umewahi kuwasilisha mwenyewe?" Jibu ninalo, la kweli. Kinachonitisha ni linalofuata, mfano wakiniuliza manunuzi yasiyo na risiti ya EFD nayafanyaje. Hilo nimelifanyia mazoezi: siyadai kwenye kodi ya manunuzi, namfuata muuzaji atoe risiti.

Pengo jingine ni miezi 14 bila ajira, Machi 2022 hadi Mei 2023. Nilikuwa namuuguza mama, huku natunza daftari la duka la mjomba.

Mliowahi kukaa upande wa kuhoji: mkiona jukumu la tangazo halimo kwenye wasifu, huwa mnauliza tu au mnampa mtu zoezi alifanye palepale? Na ile miezi 14, niitaje mwenyewe nikiambiwa nijieleze, au nisubiri niulizwe?