Paramesiamu kwenye video: kubofya kwa mkono au TrackMate?

MwalimuUyole: Wakuu, poleni na baridi. Kidato cha sita wangu wanapima kama paramesiamu huogelea polepole maji yakipoa. Asubuhi maji ya dumu yana nyuzi 13, mchana tunayapasha hadi 25. Tunarekodi kwa simu juu ya hadubini, lenzi ya 4x, sekunde 20 kila kipande. Kwa programu ya Tracker mwanafunzi anabofya mnyama mmoja fremu kwa fremu. Ni ya uhakika, ila wanyama kumi wamemaliza kipindi kizima. TrackMate iliyomo kwenye programu ya Fiji inawafuata wote kwa mpigo, lakini imenipa njia 57 wakati kwa macho naona 14 tu. Nishike ipi?

KijanaWaSoweto: TrackMate, mkuu. Hizo 57 ndiyo idadi halisi, macho huruka wengi. Kama kuna uchafu, tengeneza picha moja ya kati ya video nzima kwa `Z Project`, chagua `Median`, kisha itumie kwenye `Image Calculator` kwa `Difference`. Kisichotembea kinafutika, na paramesiamu waliokuwa weusi wanang'aa juu ya giza. TrackMate inapenda hivyo.

DadaMaabara: Kwenye kufuta uchafu uko sawa kabisa. Kwenye 57 umepotea, mdogo wangu. Njia si mnyama. Paramesiamu akitoka ukingoni akarudi, anaandikwa mgeni. Ukitaka idadi, simamisha video kila sekunde 5, hesabu waliopo, chukua wastani.

Mwalimu, umbali wa kuunganisha, yaani upeo wa hatua ya mnyama kati ya fremu na fremu, uliweka ngapi?

MwalimuUyole: Sikugusa. Imeandikwa 15.

DadaMaabara: Basi tatizo ndilo hilo. Anza na kipimo: weka chemba ya Neubauer ya kuhesabia seli, irekodi bila kubadilisha zumu wala kusogeza simu. Mraba wake mkubwa una upande wa milimita 1. Tuseme unachukua piseli 200; piseli moja ni mikromita 5. Simu nyingi hazishiki mwendo mmoja wa fremu, kwa hiyo nyoosha kwanza:

```
ffmpeg -i asubuhi.mp4 -vf "fps=15,scale=640:-2" -pix_fmt nv12 -c:v rawvideo asubuhi.avi
```

Pima huo mraba kwenye video iliyokwisha kupita hapo, si ile ya mwanzo, maana ukubwa wa picha umebadilika. Ingiza kipimo na muda wa fremu, sekunde 0.0667, kwenye `Image > Properties`. TrackMate ikiuliza kama ibadilishe Z na T, kubali.

Sasa, paramesiamu mwenye afya kwenye nyuzi 25 huenda karibu milimita 1 kwa sekunde. Kwa fremu 15, kila fremu anasogea mikromita 67 hivi. Wewe umeiambia programu asivuke 15! Kila hatua ya kawaida inakatwa, na anayebaki mzima ni mvivu. Mbaya zaidi, wenye kasi ndio wanaokatwa sana, yaani kundi lako la joto. Tofauti unayoitafuta inaliwa na mpangilio wenyewe. Weka mikromita 150. Ukizidisha, tuseme 400, programu itaruka kutoka mnyama mmoja hadi jirani yake. Utaiona kwa mistari mirefu iliyonyooka ghafla na kasi za milimita 4 au 5 kwa sekunde.

MzeeWaUlanzi: Mimi niko Iringa, nahesabu chachu ya ulanzi, na video sijawahi kuihitaji. Nazimua mara 10, natia kwenye chemba hiyo hiyo, nahesabu viraja vitano kati ya 25 vya katikati. Juzi nilipata 180. Mara 5, mara 10,000, mara 10: milioni 90 kwa mililita. Dakika kumi, kazi imekwisha.

DadaMaabara: Chachu haikimbii, mzee wangu. Kwako mkono unashinda, sina ubishi.

Kipimajoto: Si muwatilie nyuzi za pamba wapunguze mbio? Sisi tulifanya hivyo tukawaona vizuri sana.

MwalimuUyole: Kwa kuchora umbo sawa, ndugu, lakini hapa mbio ndiyo tunayoipima.

Nimerudia na 150. Njia ni 19. Nimechagua tatu nikazibofya kwa mkono kwenye Tracker, zinakaribiana. Ila kipande cha asubuhi kina wanyama wanne wamejibanza kwenye mabaki ya nyasi, hawasogei. Kwa macho wapo, kwenye orodha hawamo.

DadaMaabara: Ile `Difference` imewafuta pamoja na uchafu. Kasi ya wastani ya asubuhi imepanda bila haki.

KijanaWaSoweto: Si ungewaandika sifuri tu?

DadaMaabara: Hapo sina hakika. Aliyetulia kula bakteria hajapoozwa na baridi, na kwa video ya sekunde 20 huwezi kuwatofautisha. Mimi ningetoa namba mbili: wangapi wanatembea, na kasi ya wanaotembea.

Kipimajoto: Na taa ya hadubini? Nyuzi 13 za dumu hazibaki 13 juu ya kioo.

MwalimuUyole: Hilo sikulipima. Kesho nachomeka kipimajoto kwenye tone kabla na baada ya kurekodi.