Nyumba ya Bibi, Chumbageni

Rehema 07:10
Asalaam aleikum. Idi bado anakohoa, leo siku ya tatu, na usiku homa imerudi. Analala chumba kimoja na Bibi. Hitma Jumamosi. Tunafanyaje? Nataka maneno, si vidole gumba.

Hamisi 07:31
👍

Rehema 07:31
Hamisi!!

Mjomba Kassimu 08:05
Waaleikum salaam. Mimi kifua hunibana nikipita penye vumbi. Nilipewa ile ya kupuliza, labda naye ajaribu.

Zuhura 08:20
Mjomba, hiyo ni ya pumu yako, usimpe. Rehema, Idi ahame chumba cha Bibi leo hii. Mafua yaleyale ya mtoto, kwa mtu wa miaka 78 yanaweza kushuka mapafuni. Ukimwona Idi anahema haraka au mbavu zinabonyea akivuta pumzi, usisubiri, peleka hospitali.

Shangazi Mwanaidi 08:26
Mfukizeni mwarobaini na madirisha yafungwe, upepo usimpige. Ndivyo tulivyowalea.

Zuhura 08:34
Shangazi, mvuke hauzuii kuambukiza, na watoto wanaungua na yale masufuria. Madirisha ndiyo hasa yafunguliwe. Anapokohoa, vitone vidogo sana vinabaki vinaelea kama moshi. Chumba kikifungwa vinarundikana, na Bibi anavivuta hadi alfajiri. Rehema, washa kijiti cha udi katikati ya chumba, uniambie moshi unakwenda wapi.

Rehema 09:02
Dirisha la uani liko wazi. Moshi umepanda, umetanda chini ya dari, umetulia tu.

Zuhura 09:04
Hewa haina pa kutokea. Inataka njia mbili zinazotazamana.

Rehema 09:05
Ya pili ilikuwepo. Dirisha la barabarani. Aliyelijengea tofali aweke rafu za duka anajijua.

Salimu 09:40
Tumeanza. Duka hilohilo lilisomesha watu humu.

Hamisi 09:41
Shemeji kaamka 😂 Salimu, mkate wa jana bado upo?

Rehema 09:42
Hamisi, mtoto anaumwa. Zuhura, Bibi nimemwelekezea feni.

Zuhura 09:50
Feni inazungusha hewa ileile, na ikipita kwa Idi kwanza inampelekea Bibi kikohozi usoni. Mhamishie Idi chumba cha mbele chenye madirisha mawili. Feni iweke dirishani ikitazama nje, isukume hewa itoke. Na usugue nyavu za madirisha, vumbi likijaa hewa haipiti.

Rehema 11:15
Amehama. Nyavu zimetoa maji meusi kama kahawa. Nimewasha udi tena, moshi umelala ukakimbilia dirishani. Nimeuona kwa macho yangu.

Hamisi 11:20
Barakoa ninazo, zile za kitambaa za 2020.

Zuhura 11:28
Nunua zile za hospitali, zinachuja vizuri zaidi. Idi avae akitoka chumbani, akilala avue. Rehema, nawe uvae unapomlisha. Ubane ule waya puani, na usiishushe kidevuni ukaipandisha tena. Ikilowa, tupa. Mdogo wake ana mwaka mmoja, huyo asivalishwe kabisa.

Shangazi Mwanaidi 12:10
Beseni kubwa la kunawia wageni ninalo.

Zuhura 12:18
Beseni linapokea tu, Shangazi. Mmoja amiminie kwa birika, maji yatiririke. Wakitumbukiza mikono humo, wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Sabuni isuguliwe sekunde 20. Watu wanasugua viganja wanasahau dole gumba na ncha za vidole, na ncha ndizo zinazoingia puani na machoni. Ncha zikwaruzwe ndani ya kiganja chenye povu. Na lile taulo moja la mlangoni liondoke.

Mjomba Kassimu 12:40
Kwa hiyo pilau ipo?

Baba Mkubwa 14:30
Nimesoma yote. Dirisha lilizibwa nami nikiwa nimekaa barazani, nikanyamaza kwa kuogopa ugomvi. Kosa ni langu kabla ya Salimu. Hitma itasomwa nje, uani, chini ya turubai, pembeni kuwe wazi. Anayekohoa atatuombea akiwa kwake. Dirisha la mama yangu lifunguliwe.

Rehema 14:33
Sawa Baba Mkubwa.

Hamisi 14:36
Sawa Baba.

Rehema 16:02
Fundi nani anampigia? Salimu, rafu za duka zinaweza kusogea lini? Na usiku nani analala na Bibi, maana mimi niko kwa Idi?

Rehema 18:45
Mmesoma watu 11.

Shangazi Mwanaidi 19:20
Nitalala naye mimi.

Zuhura 19:24
Shangazi, na kile kikohozi chako kimepona?

Shangazi Mwanaidi 19:31
Kidogo tu, asubuhi. Tangu mwezi uliopita.

Zuhura 19:32
Kikipita wiki 2 ni kupima makohozi kwanza. Kesho asubuhi nakupitia twende, vipimo vya kifua kikuu ni bure. Kwa Bibi usilale leo.

Shangazi Mwanaidi 19:50
Kesho nina wageni.

Rehema 19:51
Shangazi pokea simu.

Salimu 21:12
Rafu labda Jumatatu.

Rehema 21:13
Hitma ni Jumamosi, Salimu. Na usiku wa leo bado hamjanijibu.