Mrejesho: michezo ya marudio kwa karatasi na chaki

Niliuliza: "Darasa langu ni kubwa, kipindi kinabakiza dakika 10, nina chaki na karatasi tu. Mchezo gani wa marudio utahusisha wote?"

Asanteni wakuu. Nimebaki na bingo ya maneno. Naandika ubaoni maneno 15 ya mada, kila mwanafunzi anachora miraba 9 na kuijaza kwa maneno 9 anayoyataka, kwa mpangilio wake. Mimi nasoma maana moja moja kama vidokezo vyenye namba, silitaji neno, na mwenye neno hilo analiwekea alama. Anayepata mstari wa miraba 3 yenye alama anapaza sauti.

Kilichonisaidia zaidi ni mdau aliyesema wasiweke alama ya vema, waandike namba ya kidokezo ndani ya mraba. Vema haikuonyeshi mtoto alikuwa anajibu nini. Kwenye mada ya usafirishaji katika mimea, kidokezo cha 4 kilikuwa "mirija inayopandisha maji na madini kutoka mizizini". Mshindi wa kwanza alikuwa ameandika 4 kwenye floemu badala ya zailemu. Nikauliza nani mwingine kafanya hivyo, mikono ikawa mingi (hata ya wale ninaowategemea!). Ushindi ukafutwa, nikachora shina ubaoni, tukaendelea na vidokezo vilevile.

Waandike kwa kalamu ya wino, maana penseli inafutika. Na mchezo huu unapima kutambua neno tu. Kwa maswali ya kueleza au kukokotoa haufai. Huko bado natafuta, mwenye wazo aniongezee.