Ugomvi wa rimoti: niuandike kwa muundo wa jukwaa au wa filamu?

Kijana wa Mtoni: Wakuu, shikamooni. Asha anatazama tamthilia, kaka yake Juma anataka mpira, mama anamaliza ugomvi kwa kutoa betri za rimoti. Nimeandika namna mbili. Ipi inabeba ugomvi vizuri zaidi?

Ya jukwaa:

JUMA: (Akimpokonya rimoti) Nipe! Mpira umeshaanza.
ASHA: Nimekaa mimi kwanza!
(Mama anaingia. Anachukua rimoti na kutoa betri.)

Ya filamu:

NDANI. SEBULENI – USIKU

Mwanga wa TV unachezacheza usoni mwa ASHA (15). Mkono wa JUMA (19) unavuta rimoti.

JUMA
Nipe! Mpira umeshaanza.

MAMA anaingia, mikono ina unga. Anafungua ngumi ya Juma. Kidole gumba kinasukuma kifuniko. Betri mbili zinadondokea kiganjani. Juma anakasirika kwa sababu mwaka jana aliahidiwa TV yake.

Bi Pazia: Marahaba mwanangu. Kwenye filamu betri zinatosha, maana kamera inasogea hadi kiganjani. Jukwaani, aliyekaa safu ya nyuma haoni betri wala kifuniko, anaona tu mama kashika kitu. Mpe kitendo kikubwa: asimame mbele ya TV, au achomoe waya ukutani. TV yenyewe igeuzie mgongo watazamaji, tuone nyuso za watoto zikibadilika.

Mpiga Picha: Filamu ndiyo bora. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Ila ongeza KAMERA INASOGEA kila mahali, la sivyo muongozaji hatajua.

Bi Pazia: Hesabu ya ukurasa ni makadirio tu, kaka, na ugomvi wa maneno mafupi mafupi hujaza ukurasa upesi. Kamera mwachie muongozaji. Kijana alipoandika "kidole gumba kinasukuma kifuniko", tayari amemwambia asogee karibu.

Ila kijana, hiyo sentensi ya ahadi ya mwaka jana ifute. Haipigiki picha. Asha aitamke: "Kamuombe baba ile TV aliyokuahidi!" Hapo tunajua, na Juma anaumia mbele yetu.

Mama Wawili: Kwangu ugomvi uliisha niliponunua TV ya pili. Inchi 32 inawatosha watoto.

Kijana wa Mtoni: Mama, mimi nauliza habari za kuandika. Lakini wako waligombania nini hasa?

Mama Wawili: Wala si vipindi. Ni nani akae kwenye kochi la baba yao.

Kijana wa Mtoni: Hilo kochi naliweka! Safu ya nyuma wataliona. Na maneno ya mabano, (kwa hasira), (kwa ukali), nibakishe?

Mpiga Picha: Bakisha, waigizaji wapya wanayahitaji.

Bi Pazia: Mimi ningefuta yote. "Nipe!" tayari ina hasira. Bakisha pale tu maneno yanapopingana na sauti, kama mama akisema "Haya, endeleeni" (kwa upole) huku betri ziko mfukoni.