Tupeane uzoefu: "siku zote", "yote hapo juu" na "hakuna jibu hapo juu" kwenye maswali ya kuchagua ya uchumi

Wagosi habari za jioni. Nafundisha tuisheni ya uchumi huku Ngamiani na wiki hii nasahihisha jaribio la kuchagua, naona vijana wanaojua somo vizuri kabisa wanapukutika kwenye haya maneno matatu. Naanza na langu, nanyi leteni yenu.

Swali langu lilikuwa hivi: msimu wa machungwa Muheza mavuno yameongezeka, na wakati huohuo wanunuzi kutoka Dar nao wameongezeka. A, bei hupanda siku zote. B, kiasi kinachouzwa huongezeka. C, bei hushuka siku zote. D, yote hapo juu. Wengi wamechukua D kwa sababu kila sentensi ukiisoma peke yake inafanana na kitu walichokaririshwa. Sasa A na C haziwezi kuwa kweli pamoja, kwa hiyo D imekufa kabla hata hujachora mchoro. Ukichora unaona ugavi unasukuma bei chini, mahitaji yanaivuta juu, mshindi anategemea nani kasogea zaidi. Kiasi ndo kinapanda kwa vyovyote. Jibu B.

Mpemba wa Chumbageni: Mimi sheria yangu nyepesi tu mwalimu, nikiona "siku zote", "kamwe" au "pekee" nakata fasta. "Mfumuko wa bei husababishwa na kuchapa pesa pekee", nakata, maana mafuta yakipanda nauli inapanda na kila kitu kinafuata. Imenivusha sana hii.

Dada Mhasibu: Imekuvusha lakini itakuja kukuangusha kaka. Kuna "siku zote" za kweli kwenye uchumi, hasa pale jambo linapotoka kwenye hesabu yenyewe na sio kwenye tabia za watu. Chukua mwoka mikate wa Makorora analipa pango 60,000 kwa mwezi, iwe kaoka au kalala. Akitoa mikate 1,000, kila mkate unabeba shilingi 60 ya pango. Akitoa 2,000 unabeba 30, akitoa 3,000 unabeba 20. Gharama ya kudumu kwa kila mkate inashuka siku zote uzalishaji ukiongezeka, hapo ukikata umejikata mwenyewe. Ila wakisema gharama *yote* kwa kila mkate inashuka siku zote, hiyo kata, maana kuna mahali jiko linazidiwa, unaongeza vibarua wanagongana, gharama inaanza kupanda tena.

Mpemba wa Chumbageni: Aah. Kwa hiyo naangalia ni hesabu au ni watu.

Dada Mhasibu: Ndo hivyo, kisha jaribu kutafuta mfano mmoja wa kuivunja. Mfano "bei kikomo siku zote huleta upungufu". EWURA wanatoa bei kikomo ya petroli kila mwezi, Tanga tuna yetu, mbona sheli mafuta yapo? Upungufu unakuja pale kikomo kikiwa chini ya bei ambayo soko lingejipangia. Kikiwa juu yake hakibani mtu.

Baba Zuhura: Samahani jamani, hayo machungwa ya Muheza kwa sasa gunia shilingi ngapi? Nina fuso inarudi tupu.

Baba Zuhura huo ni mfano wa mtihani tu mzee wangu 😂 ila wapo wa Muheza humu watakujibu.

Anko wa Pangani: Mimi naomba mnisaidie kwenye "hakuna jibu hapo juu". Bei imetoka 1,000 kwenda 1,200, kiasi kikatoka 100 kwenda 90, tafuta mnyumbuko wa mahitaji. A ni 2, B ni 0.5, C ni 5, D hakuna jibu hapo juu. Mimi nikapata 0.58, nikaweka D, nikakoswa.

Anko wewe ulitumia wastani, yaani 10 ukagawa kwa 95 na 200 ukagawa kwa 1,100. Hesabu ni sahihi. Mtunga swali alianzia kwenye namba za mwanzo, asilimia 10 kwa asilimia 20, ikatoka 0.5. Hiyo A ya 2 ni ya aliyegeuza juu chini. Mimi nawaambia vijana ukipata jibu la karibu na mojawapo lakini sio lenyewe, rudia kwa njia nyingine kabla hujakimbilia D.

Dada Mhasibu: Hapo nakupinga mwalimu. Kama swali halikusema njia gani, Anko alistahili maksi. Na kama darasani walifundishwa wastani tu, basi D ndo jibu lake halali.

Anko wa Pangani: Darasani tulifundishwa zote mbili 🙈

Basi mpelekee aliyetunga na karatasi yako ya kukokotolea, mimi hapo siwezi kuamua.