Mtoko wa kwanza ulipendeza, lakini moyo haukushtuka: uliamuaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Habari zenu, wanajamvi. Naomba tuzungumzie mtoko wa katikati, yaani ule ambao haukuharibika na wala haukukukosesha usingizi. Mmeketi, mmezungumza vizuri, mwenzako ana adabu na anasikiliza, umecheka mara kadhaa, mkaagana kwa heshima. Ukifika nyumbani huna la kulalamikia, ila pia huna hamu ya kuchungulia simu. Juzi nilikutana na kaka wa namna hiyo, na jana asubuhi akaniandikia: "Nilifurahia mazungumzo yetu. Je, ungependa tuonane tena?" Bado sijamjibu. Waliokwishafika hapo naomba mnieleze mliandika nini, mliamua kwa kigezo gani, na baadaye ikawaje.

Kifimbo

Dada, kwa uzoefu wangu mvuto hauchelewi: ama upo, ama haupo. Niliwahi kuonana tena na tena na dada mmoja mwenye tabia njema kabisa, nikitumaini kwamba moyo utafuata akili, na kila tulipoketi tulifanana na wajumbe wa kamati waliomaliza ajenda mapema. Aliponishika mkono nilijikuta natafuta sababu ya kuutoa. Ushauri wangu ni kwamba usimjibu kwa siku mbili tatu. Ukiona hujamkumbuka, basi jibu umelipata, na yeye naye atakuwa ameelewa.

Bibi Shauri

Nimewasikiliza watu wa mahusiano kwa miaka mingi katika kazi yangu ya ushauri nasaha, na naona Kifimbo amesema kweli nusu. Nusu ya kweli ni ule mkono. Mwili unapojivuta nyuma mtu anaposogea, ni nadra sana kuona mtoko wa pili ukibadilisha hali hiyo, na hakuna haja ya kujilazimisha. Lakini mwanzisha mada hakusema kwamba mwili ulikataa. Amesema haukushtuka, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Moyo kudunda si kipimo cha kuaminika kama tunavyodhani. Mwaka 1974 watafiti wawili, Dutton na Aron, walichapisha jaribio lililofanyika Kanada, ambamo wanaume waliovuka daraja la kuning'inia linaloyumba juu ya bonde walihojiwa hapo hapo na mwanamke aliyewaachia namba ya simu. Waliompigia baadaye walikuwa wengi zaidi kuliko wale waliohojiwa kwenye daraja imara. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba msisimko wa hofu ulichukuliwa kuwa ni mvuto. Sasa ninyi mliketi mahali patulivu, mkizungumza kistaarabu, kila mmoja akijichunga asikosee. Moyo ungedunda kwa sababu gani?

Kipimo ninachowapa watu ni hiki. Fikiria kwamba ujumbe aliokutumia jana ungesema: "Nashukuru, lakini naona tuishie hapa." Ukipumua kwa ahueni, usiende. Ukihisi kamchomo kidogo, subiri kwanza, kwa sababu huenda ni majivuno tu. Hakuna apendaye kukataliwa hata na asiyemtaka. Jiulize kama kuna jambo mahususi ungependa kumuuliza, hadithi iliyokatika njiani au kauli iliyokushangaza. Likiwapo, nenda. Ukijikuta unaorodhesha sifa zake nzuri tu, kama anayesoma barua ya maombi ya kazi, huo ni uamuzi wa akili peke yake.

Na kuhusu kukaa kimya siku tatu, hapana. Kuna utafiti wa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba watu wanapotoka kwenye mazungumzo na mgeni, kwa kawaida hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Huyo kaka huenda tayari anahesabu makosa ambayo wewe hata hukuyaona. Mjibu leo, hata kama jibu ni hapana.

Mtembezi

Yangu ilianza hivyo hivyo. Tulikaa uso kwa uso, meza katikati, na mazungumzo yakawa usaili: unafanya kazi wapi, mmezaliwa wangapi, ulisomea nini. Kila jibu lilikuwa zuri, na hakuna lililozaa swali lingine. Kitu kimoja tu kilinibakia: alikuwa ameanza kueleza jinsi mama yake alivyokataa katakata kuuza cherehani mbovu, kisha mhudumu akaja na habari ikapotea.

Jioni ile nikamwandikia: "Asante kwa muda wako. Ile habari ya cherehani ya mama hatukuimaliza, na ningependa kujua ilikwishaje. Jumamosi alasiri nina nafasi ya saa moja hivi. Tutembee badala ya kukaa?" Nilitaja cherehani ili ajue kwamba nilimsikiliza, na saa moja ili asijione amefungwa jioni nzima. Kutembea kulikuwa na maana kubwa zaidi, maana watu wakienda bega kwa bega hawalazimiki kutazamana, na kimya kikitokea hakimwaibishi mtu.

Alikubali. Njiani alibishana nami kuhusu njia ya mkato, akashinda, akanicheka bila huruma hadi tulipofika. Kumbe ni mtu wa utani mkali ambaye huufunga anapotazamwa usoni. Hata siku hiyo sikushtuka moyo, nisiwadanganye. Ila usiku nilijikuta namsimulia kaka yangu maneno yake huku nikiiga sauti yake. Ndipo nilipojua kwamba nataka mtoko wa tatu, na hadi leo tuko pamoja.

Mama Wawili

Poleni. Kwangu pia msisimko umepoa kabisa, na mume wangu yeye anaona ni sawa tu. Aliyefanikiwa kuurudisha baada ya watoto alifanyaje?

Mwanzisha mada

Dada yangu, hilo ni zito na linastahili mada yake. Hapa tunazungumzia watu walioonana mara moja tu.

Asiyechaguliwa

Nami niseme kutoka upande wa pili, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa "mzuri lakini". Dada mmoja aliendelea kukubali mialiko yangu kwa huruma. Nilikuja kutambua kwamba alijibu kila swali bila kuniuliza hata moja, na kwamba alipoahirisha hakutaja siku nyingine. Mtu anayetaka kuonana nawe akiahirisha Ijumaa, hutaja Jumapili. Ningefurahi zaidi kupata maneno kama haya: "Nilifurahia kukufahamu, lakini sikuhisi tunaelekea kwenye mapenzi, kwa hiyo naona tusiendelee. Nakutakia heri." Msiongeze "labda baadaye" wala "tubaki marafiki" kama hamna nia hiyo, kwa maana mtu atalishikilia neno hilo kwa miezi.

Kifimbo

Hapo kwenye kuahirisha nakubaliana nawe. Lakini Mtembezi alibahatika na cherehani. Je, kama hakuna hadithi yoyote iliyokatika?

Bibi Shauri

Basi mara nyingi hiyo nayo ni taarifa, ingawa si siku zote. Wapo waoga wa kweli ambao siku ya kwanza hawaachi chochote cha kushika. Kwa hao sina kanuni.

Mwanzisha mada

Nimejipima kwa ule ujumbe wa kufikirika, na sikuhisi ahueni. Kuna jambo alilogusia: aliimba kwaya kwa muda mrefu kisha akaacha, na nilipotaka kuuliza sababu akabadili mazungumzo. Nimemwandikia: "Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nami nilifurahia, na bado nina swali kuhusu kwaya. Tutembee Jumapili jioni?" Amejibu upesi kwamba amefurahi, ila anapendekeza turudi pale pale tulipoketi, kwa kuwa ni patulivu.

Mtembezi

Usikubali kwa adabu tu. Mwambie wazi kwamba umechoka kukaa wiki nzima. Si uongo kwa mtu yeyote anayefanya kazi.

Kifimbo

Mimi bado nasema mtamaliza ajenda mapema. Tuletee mrejesho Jumatatu.