Mkuu wetu wa masoko amesoma kwa sauti majina ya walioangalia stetasi yangu

Mtumishi_Ubungo: Wote mnamfahamu, sina haja ya kumtaja. Leo asubuhi alituma bango la promosheni kwenye grupu la kazi, akaagiza kila mtu aliweke kwenye stetasi yake ya WhatsApp na kurudisha skrinshoti kabla ya saa tisa, na atakayekaidi ataonekana kwenye tathmini ya mwaka. Kana kwamba hilo halikutosha, kikaoni aliniamuru nifungue simu, akaanza kusoma orodha ya walioangalia: mama mkwe, fundi wangu wa gari, mchungaji! Mama mkwe wangu anasomwa kikaoni kama mahudhurio ya darasa! Simu niliinunua mimi na bando nalipia mimi.

Mzee_wa_Kariakoo: Bango moja tu, ndugu yangu, na umelia hivi? Ungeliweka yakaisha.

Sheria_Mkononi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamkataza kabisa mwajiri kukuomba uchapishe chochote.

Dada_wa_Kurasa: Si hivyo, kaka. Sheria hiyo inahusu taarifa za watu, kwa hiyo kinachoigusa ni kuyasoma majina yale, si ombi la kuchapisha. Hata hivyo agizo lenyewe ni bovu kikazi. Wafanyakazi wa ofisi moja wamehifadhiana namba, hivyo bango lilelile likiwekwa na wote kwa wakati mmoja, wanaoliona tena na tena ni wao kwa wao. Kwetu tulianza na waliojitolea tu. Tunawapa picha na taarifa zilizohakikiwa, kila mmoja anaandika kwa maneno yake kuhusu kazi anayoijua, na anasema wazi kwamba ameajiriwa hapo. Mtu wa stoo alieleza jinsi anavyotambua mzigo ulioloa, na wateja wakaanza kumuuliza maswali. Anayetaka hupewa kiungo chake, na mibofyo tunaihesabu kwenye tovuti ya kampuni bila kugusa simu ya mtu, ingawa anayesoma kisha akapiga simu dukani hatumwoni kwenye hesabu hiyo.

Mtumishi_Ubungo: Huyu wetu hakuomba, dada. Alimsoma mama mkwe!

Binti_Temeke: Afadhali yako. Mimi niliufungua ukurasa wa Instagram wa kampuni kwa namba yangu binafsi, nikaacha kazi, na mpaka sasa ujumbe wa kuthibitisha nywila unaingia kwangu usiku. Wao wananiita mwizi.

Dada_wa_Kurasa: Ukurasa ulipaswa kufunguliwa kwa namba na barua pepe za kampuni, nanyi mwingizwe kupitia Meta Business Suite, zana ya Meta ya kusimamia kurasa za biashara, kila mtu kwa akaunti yake na mamlaka yake, ili anayeondoka aondolewe bila nywila kuguswa.

Binti_Temeke: Sasa niwakabidhi kabla hawajanilipa mshahara wangu wa mwisho?

Mzee_wa_Kariakoo: Usikabidhi hata kidogo.

Sheria_Mkononi: Kabidhi kwa maandishi, kisha dai mshahara kando.